Kufunga puli na sproketi kwenye shafti ya mota: bushi ya tepaloki au kitovu cha kii

Niliitwa kwenye mashine moja ya kusaga mahindi mjini Morogoro ambayo ilikuwa imekwisha kubadilishiwa kii mara tatu katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu. Mota ilikuwa ya kilowati 7.5, yaani hospawa 10, ya mizunguko 1450 kwa dakika, na shafti yake ilikuwa ya kipenyo cha milimita 38, kama ilivyo kwa kawaida katika mota za fremu 132. Puli ilikuwa ya kipenyo cha milimita 200 na ya mikanda mitatu. Kitovu chake kilikuwa kimetobolewa na kuchongwa njia ya kii na fundi mkereza wa jirani, kisha kikafungwa kwa skrubu moja iliyokandamiza kii kutoka juu. Mwenye mashine alikuwa ameshauriwa atafute kii ya chuma kigumu zaidi, na mimi nilimwomba asinunue kitu chochote kabla hatujapima.

Hesabu ya nguvu inaonyesha kwa nini ushauri ule haukufaa. Msokoto wa mota hupatikana kwa kuzidisha kilowati kwa 9550 na kugawanya kwa idadi ya mizunguko kwa dakika: 9550 × 7.5 ÷ 1450, yaani takriban Nm 49. Ukigawanya msokoto huo kwa nusu ya kipenyo cha shafti, ambayo ni mita 0.019, unapata nguvu ya takriban nyutoni 2600 inayosukuma ubavu wa kii. Hata kama mota ikiwashwa moja kwa moja na msokoto ukapanda mara mbili na nusu kwa sekunde chache, kii ya upana wa milimita 10 na urefu wa milimita 60 inaibeba nguvu hiyo bila shida. Kii ile haikuwa ikishindwa na nguvu, bali na mwendo, kwa sababu tundu la kitovu lilipimwa likawa milimita 38.12 ilhali shafti ilikuwa milimita 38.00. Uwazi wa milimita 0.12 unaonekana mdogo, lakini mikanda huivuta puli upande mmoja wakati wote, na kwa hiyo kila mzunguko kitovu kinabiringika kidogo juu ya shafti, mara 1450 kwa dakika. Msuguano huo mdogo husaga chuma kikawa unga mwekundu unaofanana na kutu, na unga huo ndio uliokuwa umejaa kwenye mdomo wa kitovu tulipokisafisha. Ukiuona unga wa namna hiyo kwenye puli ambayo haijanyeshewa, ujue kwamba kitovu kinacheza, hata kama hujasikia mlio wowote wa kugonga wakati wa kuwasha.

Njia za kuondoa uwazi huo ni mbili. Ya kwanza ni kukereza kitovu upya kwa usahihi wa kutosha, kiasi kwamba uwazi usiwepo au uwe wa mikroni chache tu. Ya pili ni bushi ya tepaloki, ambayo haihitaji mkereza awe na usahihi huo kwa sababu bushi yenyewe hubana mpaka uwazi unaisha. Kwa puli ya mota inayotolewa na kurudishwa mara kwa mara, mimi huchagua tepaloki bila kusita, na mwongozo huu unaieleza hiyo kwa urefu. Kitovu cha kii kina mahali pake pia, nami nitapaeleza mwishoni.

Tepaloki inavyoshika

Bushi ya tepaloki ni pete ya chuma iliyopasuliwa upande mmoja. Ndani ina tundu nyoofu la kipimo cha shafti pamoja na njia ya kii, na nje ni pia iliyokatwa ncha, yenye pembe ya nyuzi 8 kwa jumla, yaani nyuzi 4 kila upande. Puli au sproketi ina tundu la umbo hilohilo. Bushi inaposukumwa ndani ya tundu hilo, mpasuko wake unajifunga na bushi inaikumbatia shafti pande zote kwa pamoja, na kwa hiyo hakuna uwazi unaobaki wala puli haiendi upande kama inavyokwenda pale skrubu inapoikandamiza kutoka upande mmoja. Sehemu kubwa ya msokoto inabebwa na mkumbatio huo, na kii inabaki kuwa kinga ya ziada wakati wa kuwasha au mashine inapokwama.

Jambo linalowachanganya mafundi wengi ni matundu ya skrubu. Ukitazama uso mpana wa bushi iliyokaa ndani ya puli, utaona matundu matatu, na kila moja ni nusu kwenye bushi na nusu kwenye puli. Katika matundu mawili, uzi umechongwa upande wa puli tu, na upande wa bushi ni laini. Skrubu ikikazwa humo inajishika kwenye puli na kuisukuma bushi ndani. Katika tundu la tatu mambo ni kinyume, kwani uzi uko upande wa bushi, na skrubu ikikazwa humo inaikwamua bushi na kuitoa. Kwa hiyo matundu mawili ni ya kufungia na moja ni la kufungulia. Mpangilio huu unahusu bushi ndogo na za kati, kuanzia namba 1008 hadi 3030. Bushi kubwa zaidi zina skrubu tatu za kufungia.

Hatua ya kwanza: pima shafti kabla ya kununua chochote

Safisha shafti kwa kitambaa na msasa laini, ondoa vinundu kwa tupa bapa, kisha pima kwa mikromita mahali patatu: karibu na mota, katikati na karibu na ncha. Kila mahali pima mara mbili kwa pande zinazokatana. Shafti mpya ya milimita 38 kwa kawaida hutengenezwa kwa kipimo cha k6, maana yake inapaswa kuwa kati ya milimita 38.002 na 38.018. Kwa mazoea yangu, shafti iliyopungua kwa milimita 0.05 bado naifunga kwa tepaloki. Ikiwa imepungua kwa zaidi ya milimita 0.1, au imeliwa zaidi sana mahali pamoja kuliko pengine, siifungi mpaka ijazwe na kukerezwa upya. Bushi itajibana kweli, lakini itashika kwa ukingo badala ya uso mzima, na baada ya wiki chache unga mwekundu utarudi. Kuzungushia shafti kipande cha bati la mkebe ili inenepe ni kosa la aina hiyohiyo, hata kama limezoeleka.

Hatua ya pili: chagua bushi

Namba ya bushi inasomeka kwa urahisi ukishaelewa mpangilio wake. Tarakimu mbili za kwanza zinaeleza kipenyo kikubwa cha shafti kinachoweza kuingia, kwa sehemu za kumi za inchi, na mbili za mwisho zinaeleza urefu wa bushi kwa namna hiyohiyo, ingawa urefu wakati mwingine umekadiriwa. Bushi ya 2517 inachukua shafti ya hadi inchi 2.5 na ina urefu wa inchi 1.75, yaani takriban milimita 45. Bushi ya 1610 inachukua hadi inchi 1.6, yaani kama milimita 40 hivi, na ina urefu wa inchi 1.

Namba hiyo huamuliwa na puli, kwa kuwa tundu la pia la puli limekwisha kutengenezwa kiwandani. Wewe unachochagua ni kipimo cha tundu la ndani. Puli tuliyoipata kwa mashine ile ilikuwa ya 2517, kwa hiyo tulinunua bushi ya 2517 yenye tundu la milimita 38 na njia ya kii ya upana wa milimita 10. Angalia usipewe bushi ya inchi moja na nusu. Inchi hiyo ni milimita 38.1, bushi inaingia vizuri kwa mkono, na dukani watu hudhani ni kitu kilekile, lakini njia yake ya kii ni ya vipimo vya inchi na haiwiani na kii ya milimita 10.

Hatua ya tatu: safisha, na uache pakavu

Bushi mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yaondoe yote ndani na nje kwa petroli au kiyeyusho cha rangi, kisha lisafishe vivyo hivyo tundu la puli na shafti yenyewe. Nyuso za pia zikae kavu kabisa. Najua kwamba fundi mwenye busara hupaka grisi kila kitu atakachotaka kukifungua baadaye, na hapo ndipo kosa kubwa la tepaloki linapotokea. Grisi kwenye pia inapunguza msuguano, hivyo kwa mkazo uleule wa skrubu bushi inaingia ndani zaidi kuliko ilivyokusudiwa na kuutanua mwili wa puli. Puli hizi nyingi ni za chuma cha kusubu, ambacho hakinyumbuki, bali hupasuka. Mafuta yanaruhusiwa mahali pamoja tu, nayo ni tone dogo kwenye uzi na ncha ya kila skrubu.

Hatua ya nne: kusanya na uweke mahali pake

Ingiza bushi ndani ya puli na uizungushe mpaka nusu za matundu ziwiane, kisha tia skrubu mbili kwenye matundu ya kufungia na uzikaze kwa vidole tu. Weka kii kwenye njia yake katika shafti. Kii inapaswa kukaa imara ubavuni, lakini juu yake lazima pabaki uwazi. Kwa shafti ya milimita 38, kii ni ya milimita 10 kwa 8, shafti imechongwa kina cha milimita 5 na kitovu milimita 3.3, kwa hiyo juu ya kii pana nafasi ya milimita 0.3. Kii iliyochongwa kwa mkono na kuachwa ndefu kwenda juu itaizuia bushi kujifunga sawasawa, na puli itayumba hata kama kila kitu kingine kimefuatwa.

Sukuma puli na bushi pamoja kwenye shafti, uso mpana wa bushi ukitazama nje ambako utafikia skrubu. Isogeze karibu na mota kadiri mikanda inavyoruhusu, kwani kila milimita puli inayokaa mbali inaongeza mzigo kwenye beringi ya mbele. Nyundo haina kazi katika hatua hii. Bushi isiyoingia kwa mkono inahitaji mpasuko wake ufunguliwe kidogo kwa bisibisi bapa, au shafti yako ina kinundu ambacho hukukiona.

Hatua ya tano: kaza kwa zamu na kwa kipimo

Kwa bushi ya 2517 elenkii ni ya milimita 6, na mkazo wa mwisho ni takriban Nm 50. Bushi za 1210 na 1610 zinakazwa kwa takriban Nm 20, na 2012 kwa takriban Nm 30. Kaza skrubu moja robo ya mzunguko, hamia ya pili, rudi ya kwanza, hadi zote mbili zifike kwenye kipimo. Baada ya kufika, rudia tena zamu mbili au tatu, kwa sababu kila skrubu moja inapokaza nyingine inalegea kidogo. Watengenezaji wa bushi kubwa huelekeza kugonga uso wa bushi kwa kipande cha bomba kati ya zamu za kukaza. Kwa bushi ndogo zilizo juu ya shafti ya mota mimi sigongi, kwa kuwa kila pigo linapita ndani ya beringi, na zamu za ziada za kukaza zinatosha.

Asiye na spana ya kupimia mkazo anaweza kutumia mizani ya kuning'iniza. Chomeka bomba kwenye elenkii, pima sentimita 20 kutoka katikati ya skrubu, funga mizani hapo na uvute kwa pembe mraba. Kilo 25 kwenye mizani ni karibu na Nm 50. Kipimo hiki si kamilifu, lakini kinakuepusha na hatari mbili, yaani kukaza kwa mkono mtupu kunakoacha bushi imelegea, na kukaza kwa bomba refu kunakopasua kitovu.

Ukimaliza, tazama mambo mawili. Mpasuko wa bushi uwe bado una nafasi, kwani mpasuko uliojifunga kabisa una maana kwamba chuma kimekutana na chuma na bushi haiwezi kubana zaidi, jambo ambalo karibu kila mara linatokana na shafti iliyoliwa. Uso wa bushi nao uwe karibu sawa na uso wa puli, usiwe umezama ndani.

Hatua ya sita: pima mstari upya, kisha rudi baada ya saa moja

Wakati wa kukaza, bushi hushika shafti mapema na kusimama, na baada ya hapo ni puli inayovutwa kuja upande wako. Kwa hiyo puli uliyoipanga vizuri na puli ya mashine kabla ya kukaza itakuwa imehama kidogo baada ya kukaza. Nyoosha uzi au rula ndefu kwenye nyuso za puli zote mbili baada ya mkazo wa mwisho. Ikiwa haziko sawa, sogeza mota kwenye reli zake, au fungua bushi na uanze tena ukiiacha puli ndani kwa kiasi kile ilichohama.

Endesha mashine ikiwa na mzigo kwa nusu saa hadi saa moja, zima umeme na ufunge swichi kuu, kisha pima mkazo wa skrubu tena. Mara nyingi zitasogea kidogo, na ndiyo maana hatua hii isirukwe. Mwishowe jaza grisi kwenye tundu lililo wazi na juu ya skrubu. Grisi hapo haigusi nyuso za pia, bali inazuia vumbi la unga na unyevu visiujaze uzi utakaouhitaji siku ya kufungua.

Kufungua

Toa skrubu zote mbili kabisa, chagua moja, paka mafuta uzi na ncha yake, na uikaze kwenye tundu la tatu. Bushi itaachia kwa mlio mfupi, na puli itateleza kwa mkono. Ikigoma, usiongeze urefu wa bomba. Iache skrubu ikiwa imekaza, gonga mwili wa puli pembeni kwa nyundo ya plastiki huku ukiizungusha, na uendelee kukaza kidogokidogo. Kinachogomesha ni kutu iliyoingia kwenye tundu lililoachwa bila grisi, au skrubu moja iliyosahauliwa ndani ya tundu la kufungia. Hili la pili limevunja bushi nyingi.

Pale kitovu cha kii kinapofaa zaidi

Tepaloki inahitaji nafasi. Chukua sproketi ya meno 13 ya mnyororo wa hatua ya milimita 12.7. Kipenyo cha mashina ya meno yake ni kama milimita 44.6 tu. Bushi ndogo kuliko zote za kawaida, 1008, ina kipenyo cha nje cha karibu milimita 35, na kinachobaki kila upande hakifiki milimita 5, ambacho nacho nusu ya skrubu inakula sehemu yake. Sproketi hiyo kwenye mota yenye shafti ya milimita 24 lazima ifungwe kwa kitovu cha kii. Hali ni hiyohiyo pale ambapo hakuna nafasi ya kuingiza elenkii mbele ya puli.

Ukilazimika kutumia kitovu cha kii, mpe mkereza shafti yenyewe au kipimo chake kamili, wala usimwambie "tundu la 38" na kuondoka. Mwombe kipimo cha H7, ambacho kwa milimita 38 kinaanzia 38.000 na kuishia 38.025. Tundu la namna hiyo juu ya shafti ya k6 linaweza kubana kwa mikroni 18 au kuacha uwazi wa mikroni 23, na mimi humwomba akaribie upande wa chini ili kitovu kikae kwa kubana kidogo. Kitovu kinachobana hakiingizwi kwa nyundo. Ncha ya shafti ya mota ina tundu lenye uzi, ambao kwa shafti ya milimita 38 huwa M12. Funga humo fimbo yenye uzi, weka washa nene juu ya kitovu, na ukivute ndani kwa nati. Kukipasha kitovu moto hadi karibu nyuzi joto 80 ndani ya oili kunarahisisha kazi, ila vaa glavu na uwe na kila kitu tayari kabla hujakitoa, kwa kuwa kinapoa haraka. Kukitoa ni kwa pula yenye mikono inayoshika kitovu chenyewe, kamwe isishike ukingo wa puli.

Skrubu inayokandamiza kii iwepo ili kuzuia kitovu kisitembee kuelekea nje tu. Itie dawa ya kufunga uzi na uikaze juu ya kii, isikanyage shafti tupu, kwa sababu alama inayoachwa na ncha yake huinua kinundu kitakachokwaruza tundu lote siku ya kuvuta.

Kwa mashine ile ya Morogoro, shafti ilipopimwa ilikuwa milimita 38.00 karibu na mota na 37.96 mahali kii ilipokuwa ikicheza, kwa hiyo ilikuwa bado ndani ya kiasi ninachokikubali. Tuliisafisha, tukafunga bushi ya 2517 na kii mpya, tukasogeza mota milimita 2 kwenye reli baada ya mkazo wa mwisho, na skrubu zikapokea kama moja ya nane ya mzunguko baada ya saa moja ya kusaga. Miezi minane baadaye mikanda ilipobadilishwa nilipangusa mdomo wa bushi kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilitoka na unga wa mahindi tu.